Laini Haifi kwa Kutupwa

Kuna shauri moja ambalo hutolewa upesi sana katika nchi yetu kila mtu anapopoteza simu. Jirani hulitoa, rafiki hulitoa, na hata mpita njia asiyeulizwa hulitoa: "Achana nayo. Nunua laini nyingine, uanze upya." Shauri hili lina sura ya hekima, maana linamwondolea aliyeibiwa uzito wa moyo na safari ya kwenda kupanga foleni. Mimi nasema kuwa ni shauri baya, tena ni baya kuliko wizi wenyewe. Mwizi huchukua mara moja akaenda zake. Lakini aliyeitupa laini yake huibiwa kila siku kidogo kidogo, na mlango wa nyumba yake ameuacha wazi kwa mkono wake mwenyewe.

Ili tuuone ubaya huo, yatupasa kwanza tujue laini ni kitu gani. Watu wengi hudhani kuwa laini ni kile kipande cha plastiki chenye ukubwa wa ukucha kinachotiwa ndani ya simu. Sivyo. Kipande hicho ni ufunguo tu. Laini yenyewe ni nambari iliyoandikwa katika daftari la kampuni ya simu, na kando ya nambari hiyo limeandikwa jina lako na nambari ya kitambulisho chako. Kila deni, kila ada na kila huduma uliyojiandikisha imefungwa kwenye maandishi hayo, wala haikufungwa kwenye plastiki. Mtu akipoteza ufunguo wa nyumba, nyumba haibomoki, na kodi ya nyumba haiachi kuhesabiwa. Anayenunua laini mpya na kuiacha ya zamani amejenga kibanda kando ya nyumba yake, akamwachia mwizi nyumba, na kodi ikabaki kwa jina lake.

Zamani hasara hii ilikuwa ndogo, kwa kuwa simu ilikuwa chombo cha kuzungumzia tu. Lakini mwaka 2007 Safaricom ilianzisha M-Pesa, na nambari ya simu ikawa mfuko wa fedha. Baadaye ikaja mikopo ya muda wa maongezi, ambayo mtu huipata kwa kubonyeza tarakimu chache. Mwaka 2019 ikaja Fuliza, inayomwezesha mtu kulipa zaidi ya fedha alizo nazo, kisha akatozwa ada ya siku mpaka arudishe. Katika lugha yetu kufuliza ni kutenda jambo mfululizo bila kukoma; basi jina halikukosea. Zikaja pia simu zinazouzwa kwa malipo ya kila siku, na huduma za ujumbe mfupi zinazotuma nyimbo, mafumbo au ubashiri wa mechi za mpira na kukata shilingi kadhaa kila asubuhi. Haya yote ni mifereji inayotiririka kutoka mfuko mmoja. Anayepoteza simu bila kuifunga mifereji hiyo amepoteza zaidi ya simu.

Nitaeleza habari za kijana mmoja niliyemfundisha zamani, ambaye sasa ni mwendeshaji wa bodaboda. Sitataja jina lake wala jina la kampuni yake. Ijumaa moja asubuhi gurudumu la pikipiki yake lilipasuka. Hakuwa na fedha za kutosha, akatumia mkopo wa simu wa shilingi 800. Masharti yake yalikuwa haya: ada ya asilimia moja papo hapo, yaani shilingi 8, siku tatu bila ada nyingine, kisha shilingi 6 kila siku mpaka deni liishe. Jioni ya siku ile ile, saa moja, simu ikanyakuliwa mkononi mwake kituoni. Simu yenyewe alikuwa bado anailipia shilingi 50 kila siku.

Wenzake wakampa lile shauri letu maarufu. Jumamosi asubuhi akanunua laini nyingine na simu ndogo ya vitufe, akarudi kazini. Aliona kuwa mambo yamekwisha. Hakumpigia mtu yeyote wa kampuni, wala hakuifunga laini ya zamani.

Simu ile ilikuwa imefungwa kwa nambari ya siri, na mwizi hakuweza kuifungua. Lakini mwizi hakuihitaji. Aliichomoa laini, akaitia ndani ya simu nyingine, na laini ikaamka kama mtumwa anayemtii yeyote amshikaye mkono, kwa sababu yenyewe haikuwa na kufuli. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Kufuli la simu huilinda simu, haliilindi laini. Mwizi hakuijua nambari ya siri ya fedha, kwa hiyo mfuko wa fedha haukumfungukia. Lakini mkopo wa muda wa maongezi haukuuliza nambari ya siri. Alikopa shilingi 100, akapewa 90, maana kumi ni ada, akapiga simu zake. Kisha akajiandikisha katika huduma ya ubashiri wa mpira ya shilingi 10 kwa siku.

Siku ishirini na tatu zikapita. Kijana akaanza kuwakosa wateja wake wa siku zote, maana walikuwa wakipiga nambari ya zamani. Hatimaye akaenda dukani kwa kampuni, akatoa kitambulisho, akarudishiwa nambari yake kwa laini mpya. Akatia muda wa maongezi wa shilingi 200. Papo hapo zikakatwa 100. Kesho yake asubuhi zikakatwa 10, na kesho kutwa zikakatwa 10. Alipouliza deni lake la fedha, aliambiwa ni shilingi 928: zile 800, na ada ya kwanza 8, na shilingi 6 kwa siku ishirini, ambazo ni 120. Na muuzaji wa simu akamdai malipo ya siku 23, yaani shilingi 1,150, kwa simu ambayo haikuwa tena mkononi mwake.

Kijana alinijia na hesabu hizi kwa hasira, akisema ameibiwa mara ya pili. Nilimwambia kuwa ni kweli, lakini sehemu ya wizi huo wa pili aliufungulia mlango yeye. Tuzitenge hesabu zake tuone. Shilingi 100 za muda wa maongezi zisingalikuwapo kama laini ingalifungwa usiku ule ule. Shilingi 10 za kila asubuhi zisingalikuwapo vilevile. Shilingi 120 za ada zisingalikuwapo kama angaliirudisha nambari yake Jumamosi na kulipa lile deni ndani ya siku tatu. Lakini zile 1,150 zingalibaki. Nayo ni kweli chungu ambayo yafaa ijulikane: aliyenunua kitu kwa deni hudaiwa hata kikiibiwa. Ripoti hailifuti deni la simu. Iko mikataba yenye bima ya wizi, na bima huwa na muda wa kuripoti. Muda huo ukipita, bima haina faida. Kijana wetu hakuwa ameusoma mkataba wake, basi hakujua hata kama anayo bima au hana.

Sasa watasimama wanaotetea lile shauri baya, nao wana hoja zao. Wa kwanza husema: "Ni shilingi sita tu kwa siku, nani atapoteza asubuhi nzima kwa shilingi sita?" Namjibu kwamba haulizwi juu ya shilingi sita. Anaulizwa juu ya shilingi sita zisizo na siku ya mwisho. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki si chako. Zaidi ya hayo, deni la simu lisilolipwa huweza kupelekwa kwa wale wanaotunza kumbukumbu za wakopaji, na siku utakayoomba mkopo wa maana, jina lako litakutangulia likiwa na doa.

Wa pili husema: "Laini nisipoitia fedha, watakata wapi?" Huyu anaonekana mwerevu, na kweli huduma za ujumbe haziwezi kukata panapokosekana salio. Lakini anasahau mambo mawili. Deni la fedha hukua bila kungoja salio. Tena, mjomba asiye na habari akikutumia shilingi 500 kwa nambari ya zamani, mtambo huzimeza zote kulipia deni kabla hujajua kuwa zilitumwa. Na nambari iliyotupwa haikai kaburini milele. Isipotumika kwa muda, kampuni huichukua na kumuuzia mtu mwingine. Hapo jumbe za benki yako, za shule ya mwanao na za barua pepe yako zitaanza kusomwa na mtu asiyekujua.

Wa tatu husema: "Nitaripoti Jumatatu, nikipata nafasi." Huyu ndiye mbaya kuliko wote, kwa sababu anaijua njia na haifuati. Mwizi hafungi duka Jumamosi na Jumapili. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Basi nini lifanywe? Nitalieleza kwa utaratibu, maana katika jambo hili utaratibu ni nusu ya dawa.

Azima simu ya mtu aliye karibu, pale pale ulipo. Usitumie dakika zako kumpigia mwizi na kumsihi. Piga simu kwa kampuni yako. Kwa Safaricom nambari ni 100, na kwa mambo ya M-Pesa ni 234. Kwa Airtel pia ni 100. Nambari hizi fupi zataka simu iliyo katika mtandao wa kampuni ile ile, kwa hiyo azima kwa mtu mwenye laini ya kampuni yako. Utakapopata mhudumu, omba mambo mawili, wala usiombe moja. Sema: "Nafunga laini, na nafunga akaunti ya fedha." Ni milango miwili, na usidhani kuwa anayefunga mmoja amefunga wa pili. Mhudumu atataka jina lako kamili na nambari ya kitambulisho, na huenda akauliza nambari ulizopigia karibuni au fedha ulizotuma mara ya mwisho, ili ajue kuwa wewe si mwizi. Kabla hujakata simu, muulize jina lake na nambari ya ripoti yako, uziandike pamoja na saa. Karatasi hiyo itakuwa wakili wako, maana lolote lililokatwa baada ya saa hiyo unaweza kulipinga.

Kwa ninyi wanafunzi pana jambo moja zaidi. Laini ya mtoto aliye chini ya miaka 18 huandikishwa kwa kitambulisho cha mzazi au mlezi. Kwa hiyo ukiibiwa, mwambie mzazi wako saa ile ile, hata kama unaogopa kukaripiwa. Ukinyamaza siku tatu ili kukwepa karipio, ada za siku hizo tatu zitamdai yeye, wala hatajua zimetoka wapi.

Asubuhi inayofuata, nenda dukani na kitambulisho chenyewe, ukarudishiwe nambari yako kwa laini mpya. Dakika laini mpya inapoamka, ya zamani hufa, hata ikiwa mwizi ameitia katika simu kumi. Hii ndiyo maana ya kichwa cha insha yangu: laini haifi kwa kutupwa, hufa kwa kurudishwa mahali pake na mwenyewe. Ikiisha kurudi, lipa kwanza deni lenye ada ya siku. Fahamu vizuri jambo hili: kufunga akaunti humzuia mwizi asiongeze deni, lakini hakuisimamishi ada ya deni uliloliacha mwenyewe. Ada ya deni husimamishwa na malipo, wala si na malalamiko.

Kisha tazama huduma za ujumbe. Watu hushangaa kuona laini mpya inakatwa fedha kama ile ya zamani, wakadhani mtambo umerogwa. Haukurogwa. Usajili uliandikwa kwenye nambari, nayo nambari ndiyo uliyoirudisha. Tazama ujumbe unaokuja kila asubuhi. Umetumwa na nambari fupi ya tarakimu tano. Jibu kwa nambari hiyo hiyo neno STOP peke yake, bila salamu wala maelezo. Ngoja kesho. Ikiwa salio limekatwa tena, mpigie mhudumu wa kampuni akutajie kila huduma iliyoandikwa kwenye nambari yako, aziondoe moja moja wewe ukisikia. Halafu bonyeza *106# uone ni nambari zipi zimeandikishwa kwa kitambulisho chako. Ukiikuta usiyoijua, ikane mara moja, maana deni lake litakuja kwako.

Wapo pia wanaotumia simu zenye kadi ya benki ndani yake, wakalipia nyimbo, filamu au hifadhi ya picha kila mwezi. Kwa hao, kufunga laini hakusimamishi hata senti, kwa sababu mfereji huo hautoki katika laini, unatoka benki. Yawapasa wampigie simu mtu wa benki afunge kadi na programu ya benki ya simuni. Kisha waingie katika akaunti yao kwa kompyuta, wakafute usajili wenyewe, wakabadili na nywila. Mwenye simu ya Android huweza kuifunga akiwa mbali kwa kuingia android.com/find, na mwenye aifoni huingia icloud.com/find. Lakini asidhani kuwa kuifunga simu au kuifuta ni kuufuta usajili. Programu ikifutwa, malipo hubaki; na hata kadi ikibadilishwa, benki nyingine huwapasha wauzaji nambari mpya, na makato yakaendelea.

Nimewakemea walioibiwa, na haki yataka niwakemee na wengine. Kampuni za simu na wauzaji wa huduma hizi wamejenga mlango mpana wa kuingilia na tundu la sindano la kutokea. Kujiandikisha ni kubonyeza tarakimu moja, mara nyingine kwa kuteleza kidole. Kujiondoa ni kutafuta neno, kutafuta nambari, kungoja muziki uimbe nusu saa kabla mhudumu hajapokea. Mkopo wa muda wa maongezi hutolewa bila nambari ya siri kwa yeyote aishikaye laini, hali anayedaiwa ni yule aliyeandikwa. Nauliza: ikiwa mtambo una akili ya kumkata mtu shilingi sita usiku wa manane, unakosaje akili ya kusimamisha kila usajili pale mwenye laini anapotangaza kuwa ameibiwa? Jambo hili si gumu kwa fundi. Ni gumu kwa anayefaidika. Tangazo moja la wizi lingetosha kuifunga mifereji yote, mpaka mwenyewe atakapoifungua tena mmoja mmoja.

Hata hivyo sheria haikutuacha watupu. Tunazo Kanuni za Kulinda Watumiaji wa mawasiliano za mwaka 2010. Kwanza peleka malalamiko kwa kampuni, kwa maandishi, ukitaja ile nambari ya ripoti na saa. Kampuni isipokuridhisha, yapeleke kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Asiye na maandishi huonekana mlalamishi. Mwenye maandishi huonekana mdai.

Nimalizie kwa kazi ya dakika tano, ifanywe leo kabla mwizi hajafika. Bonyeza *#06# katika simu yako. Zitatokea tarakimu 15 ambazo ni jina la simu yenyewe. Ziandike daftarini, maana polisi watazitaka utakapoandikisha wizi, nawe hutakuwa tena na simu ya kuzisoma. Kisha ingia katika mipangilio ya usalama ya simu, uitie laini kufuli lake yenyewe, kwa kutumia nambari ya siri ambayo si mwaka wako wa kuzaliwa. Iulize kampuni nambari ya siri ya kwanza ya laini kabla ya kuanza, usije ukabahatisha. Maana ukikosea mara tatu laini hujifunga, ikataka nambari nyingine ya tarakimu nane, na hiyo ukiikosea mara kumi kadi hufa kabisa. Usumbufu huu ndio faida yake. Mwizi atakayeichomoa laini hiyo na kuitia katika simu yake atakuta mlango wa chuma. Hatakopa, hatajiandikisha, hatasoma ujumbe wako.

Yule kijana wa bodaboda alifanya hivyo. Alilipa lile deni la fedha kwa wiki mbili, akaiondoa huduma ya mpira kwa neno moja, na deni la simu bado analilipa shilingi 50 kwa siku. Juzi alimsikia mwenzake kituoni akishauriwa, "Achana nayo, nunua laini nyingine." Alimpokonya mshauri maneno mdomoni, akamnyoshea aliyeibiwa simu yake mwenyewe, akamwambia, "Piga sasa."